Tupeane uzoefu: mwaliko wa 12:00 AM ulikufikia saa ngapi?

Mratibu wa Vikao:
Wadau, naomba tuzungumzie namba moja tu, 12. Kazi yangu ni kupanga vikao vya mtandaoni vya watu waliotawanyika duniani, na hakuna saa zinazonivurugia kazi kama saa sita ya mchana na saa sita ya usiku. Natanguliza kisa kimoja, kisha nanyi mlete vyenu.

Mteja mmoja alituma mwaliko: Jumatano, 12:00 AM UTC. Alikusudia saa sita mchana. Waalikwa walikuwa Riyadh, Lima na Tokyo, na kalenda ya kila mmoja ikageuza saa kwa majira ya kwake. Wa Lima akaona Jumanne 7:00 PM. Wa Tokyo akaona Jumatano 9:00 AM. Wa Riyadh akaona Jumatano 3:00 AM, akanung'unika, lakini akadhani ni zamu yake kubeba usumbufu ili wenzake wapate nafuu. Wote watatu waliingia kikaoni, mwenyeji hayupo. Yeye aliingia saa kumi na mbili baadaye, akakaa peke yake.

Angalieni sasa kilichokusudiwa: Lima 7:00 AM, Tokyo 9:00 PM, Riyadh 3:00 PM. Kwa Lima na Tokyo, saa sahihi na saa ya makosa zote zinafaa kwa kikao, basi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Hilo ndilo linaloniumiza. Ukipokea mwaliko ukiwa eneo lile lile la mwandishi, utaiona 12 na huenda ukashtuka. Ukiwa mbali, kalenda imeshaigeuza, ile 12 haipo tena, na mbele yako kuna 9:00 AM isiyo na kasoro yoyote.

Je, kwenu ilikuwaje?

Mkalimani wa Zamu:
Mimi nasema kosa ni la kalenda, si la mteja. Nilivyofundishwa, PM ni baada ya adhuhuri. Saa sita kamili mchana bado haijawa baada ya adhuhuri, kwa hiyo 12:00 kamili ya mchana ni AM, na PM inaanza dakika inayofuata. Naandika hivyo miaka yote.

Mzee wa Kalenda:
Mkalimani, nusu ya maneno yako ni kweli. Herufi zile maana yake ni kabla na baada ya adhuhuri, na adhuhuri yenyewe haiko kabla wala baada. Ndiyo maana watu wazima wenye elimu yao wamebishana sana. Hata mwongozo wa uandishi wa ofisi ya uchapaji ya serikali ya Marekani uliandika 12 p.m. kuwa saa sita usiku, mpaka toleo la 2008 lilipogeuza.

Lakini pale unapohitimisha kuwa ni AM ndipo unapoteleza. Dakika moja baada ya adhuhuri ni 12:01 PM, hilo hakuna anayelipinga. Saa ya ukutani ikisoma 12:00 AM halafu dakika inayofuata 12:01 PM, msomaji atachanganyikiwa. Kwa hiyo simu na kompyuta zimeshika utaratibu mmoja: 12:00 PM ni mchana, 12:00 AM ni usiku. Ukiwaandikia watu kwa hesabu yako, kalenda zao zitakukosesha kila mara.

Mpya Hapa:
Habari zenu. Hata mimi limenikuta! Kikao chetu cha kila wiki kilisogea saa moja mwezi Machi, nikakuta wenzangu wameshamaliza ajenda ya kwanza. Nibadilishe nini kwenye simu?

Mratibu wa Vikao:
Karibu ndugu. Lako ni jambo jingine: kuna nchi husogeza saa mbele wakati wa majira ya joto, na kikao kikifuata saa ya kwao, kwako kitahama. Simu yako haina tatizo. Mimi hutazama ukubwa wa tofauti kwanza. Saa moja, nashuku majira. Saa kumi na mbili, nashuku AM na PM. Siku nzima, nashuku saa sita ya usiku.

Mama Ratiba:
Hapo kwenye siku nzima ndipo kwangu. Mwisho wa kupokea maombi uliandikwa "Ijumaa, 12:00 AM". Dada niliyekuwa nikimsaidia alijua vizuri kuwa ni usiku, hilo hakukosea. Alichofikiri ni kwamba Ijumaa ikiisha, usiku ule, ndipo mlango unafungwa. Ulifungwa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Alipofungua ukurasa Ijumaa mchana, ulikuwa umefungwa tangu usiku uliopita. Aliandika kuomba nafasi, hakujibiwa.

Tangu siku ile kila tarehe ya usiku naiandika kwa kuamkia, na kwa wasiojua Kiswahili nataja siku zote mbili, inayokwisha na inayoanza.

Fundi Kodi:
Mimi naitazama kwa ndani. Tulipokea orodha ya vikao kwa maandishi, programu yetu ikavisoma, na vyote vya usiku wa manane vikahamia mchana. Sababu ilikuwa mstari mmoja wa Python:

```python
datetime.strptime("12:00 AM", "%H:%M %p")  # inatoa 12:00
datetime.strptime("12:00 AM", "%I:%M %p")  # inatoa 00:00
```

`%H` husoma saa za 0 hadi 23, na ukiitumia, AM au PM inasomwa kisha inapuuzwa. Hakuna ujumbe wa kosa. Ubaya wake ni kwamba tulijaribu kwa 9:00 AM na 12:00 PM, zote zikatoka sawa. Jaribuni kwa 12:00 AM na 3:00 PM, hapo kosa linajitokeza.

Mkalimani wa Zamu:
Mzee, nimekuelewa kuhusu kalenda, nitaifuata. Ila kwa barua bado sitaki kuandika 12 yenye herufi yoyote. Naonelea tuandike 11:59 PM tumalize ubishi.

Mama Ratiba:
Kwa mwisho wa maombi, naam, ningefurahi sana. Dada yule asingekosa.

Mratibu wa Vikao:
Kwa kikao inanipa shida. Kikianza 11:59 PM, kalenda inakikata vipande viwili katika siku mbili, na wengine wanakiona kimeandikwa mara mbili. Afadhali 00:00 kwa saa 24, pamoja na tarehe. Na mchana 12:00, bila herufi.

Mzee wa Kalenda:
00:00 naikubali, ingawa kuna wanaopenda 24:00 kwa mwisho wa siku. Kiwango cha ISO 8601 kiliiondoa 24:00 mwaka 2019, kikairudisha kwa marekebisho ya 2022, kwa hiyo msitarajie wabishi wanyamaze. Mimi nikiwa na hiari sipangi kikao saa hiyo kabisa. Nasogeza robo saa.

Fundi Kodi:
Mratibu, na wale ambao kalenda zao zinaonyesha AM na PM? Ukiwaandikia 00:00 wao wataona 12:00 AM tu.

Mratibu wa Vikao:
Ni kweli, na hilo sijalipatia dawa. Ninachofanya ni kuweka ndani ya mwaliko mstari wa kila mji na siku yake: "Lima Jumatano asubuhi 07:00, Riyadh Jumatano alasiri 15:00, Tokyo Jumatano usiku 21:00". Kalenda ikimwonyesha mtu wa Lima Jumanne jioni, anaona haviafikiani, ananiandikia. Mwenye njia fupi zaidi aiweke hapa, maana waalikwa wakifika miji minane mstari unakuwa mrefu na watu hawausomi.