Naomba ushauri: ratiba ya siku tatu Dar, Jumatano inanibana

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo natoka Mwanza kikazi kuja Dar siku tatu. Jumatatu na Jumanne sina shida, miadi yote ni Posta na Kariakoo, nimeiachanisha saa moja na nusu maana nishajifunza, safari ya mwisho niliweka nusu saa tu nikafika kwa mteja nimelowa jasho kaishaondoka.

Kasheshe ni Jumatano. Napanda boti ya asubuhi kwenda Zanzibar, mkutano saa nne Malindi, nikitoka narudi na boti ya saa tisa na nusu. Boti inatembea kama masaa mawili, yaani nashuka bandarini saa kumi na moja na nusu, na ndege ya Mwanza ni saa mbili kasoro robo usiku. Nikirudisha hesabu nyuma, kaunta niwe nimefika saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo nabaki na saa moja ya kusubiri begi, kutafuta boda na kupita Barabara ya Nyerere muda ule watu wanatoka kazini. Na tiketi ni mbili tofauti, boti ikichelewa ndege hainisubiri, hela imekwenda.

Nimewaza Zanzibar niipeleke Jumanne, Posta iwe Jumatano, shida mteja wa Jumanne ni mgumu kubadilisha siku. Au nirudi Dar kwa ndege, nishukie hapohapo uwanjani? Mliozoea hiyo njia, saa moja inatosha kweli nikibeba begi la mgongoni tu?