Naomba ushauri: meseji ya mteja ya kunishukuru, naweza kuiweka kwenye profaili?

Kijana wa Kurasa: Wakuu habari za muda huu. Narekebisha tovuti za maduka ya mtandaoni, na kila nikiomba kazi naulizwa ushahidi wa wateja wa nyuma. Kuna mteja wa duka la nguo alinitumia meseji ya shukrani nzuri tu. Je, naweza kuiweka kwenye profaili au mpaka nimuombe? Naogopa nikimuomba atanyamaza na nitakuwa nimejiharibia.

Simba Mpole: Weka mkuu, meseji katuma kwako ni yako. Futa namba ya simu, basi.

Mpiga Picha: Simba hapo umepatia nusu. Mimi niliweka maneno ya bibi harusi bila jina kabisa, ila nikataja ukumbi na mwezi, siku hiyohiyo ndugu zake wakamjua na akanipigia analia, maana kulikuwa na mambo ya familia mle ndani. Toka siku ile siweki neno la mtu bila kumwonyesha kwanza.

Mama Mizani: Mleta uzi, meseji inasemaje neno kwa neno? Na umeshaiweka au bado?

Kijana wa Kurasa: Ok niseme ukweli, ipo tangu wiki mbili zilizopita. Aliandika "asante sana, sasa ukurasa unafunguka haraka na oda zinakuja kidogo kidogo". Mimi nikaweka "ukurasa unafunguka haraka na oda zimeongezeka mara mbili". Maana ni ileile jamani, nimeinyoosha tu, na oda kweli zimeongezeka, mwenyewe aliniambia mwezi wa kabla zilikuwa 31 na mwezi uliofuata 44.

Mama Mizani: Maana siyo ileile mwanangu. Mara mbili ya 31 ni 62, na umeyatia maneno hayo kinywani mwake. Kumrekebishia mtu tahajia au kukata salamu ni sawa ukimwonyesha, ila namba ambayo hakuitaja huwezi kumwandikia. Nikuulize tena, mwezi ule wa oda 44 alibadilisha kitu kingine dukani?

Kijana wa Kurasa: Alianza kulipia matangazo, lakini bila spidi watu wangekimbia tu.

Mama Mizani: Inawezekana kabisa, ila huwezi kuthibitisha. Wewe ulipima nini kwa mkono wako?

Kijana wa Kurasa: Ukurasa wa bidhaa ulikuwa unafunguka kwa sekunde 9, baada ya kupunguza uzito wa picha na kutoa programu-jalizi ambazo hazitumiki ukashuka hadi 3. Nilipima kwenye simu ileile, mtandao uleule.

Mama Mizani: Basi ushahidi wako ndio huo, na una nguvu kuliko "mara mbili". Andika kisa kifupi: ulikuta sekunde 9, ulifanya nini, zikawa 3, ulipima vipi. Oda ukizitaja, kwanza yeye akubali maana ni siri ya biashara yake, halafu weka 31 na 44 zenyewe na useme mwezi huohuo alianza matangazo. Usigeuze kuwa asilimia, kwenye namba ndogo hivi asilimia inavimbisha. Ruhusa iombe kwa maandishi, mfano: "Naomba kutumia maneno haya (yabandike yote) kwenye profaili yangu ya kazi. Niandike jina lako, jina la duka, au nisitaje kabisa? Ukibadili mawazo baadaye niambie nitayaondoa." Mtu anakubali haraka akiona kitakachotoka.

Kijana wa Kurasa: Sawa, ila nilishamwahidi diskaunti ya kazi ijayo akiniandikia vizuri.

Mzee wa Hoja: Hii chai. Mwanzo meseji ilikuja yenyewe, sasa diskaunti imetokea wapi? Kesho utatuambia mteja ni binamu yako. Hakuna duka wala oda hapa.

Kijana wa Kurasa: Mzee meseji ilikuja yenyewe, diskaunti nilimwahidi baadaye nikitaka aandike ndefu. Siwezi kukuwekea skrinshoti hapa, si ndiyo hiyo hiyo naambiwa nisifanye?

Simba Mpole: Hapo kakujibu Mzee.

Mzee wa Hoja: Bado siamini. Na hata kama ni kweli, uongo ni uongo, ungeanza na ukweli post ya kwanza.

Mama Mizani: Iwe chai isiwe chai, wanaofanya hivi ni wengi. Shida ipo kwenye "akiandika vizuri". Marekani, tume yao ya biashara, FTC, wana kanuni iliyoanza Oktoba 2024 inayokataza kulipia maoni kwa masharti yawe ya kusifia. Mwambie diskaunti anapata hata asipoandika chochote.

Mpiga Picha: Mimi hata hiyo siafiki, ukishatoa kitu mtu anaona aibu kukukosoa.

Mama Mizani: Hoja yako naielewa. Ndiyo maana akiandika, itajwe palepale kwamba alipata punguzo, msomaji apime mwenyewe.

Kijana wa Kurasa: Nimemtumia maneno yake ya asili na nimemweleza kuhusu diskaunti. Tiki za bluu zimetokea toka asubuhi, kimya. Si niiache tu mpaka ajibu?

Mama Mizani: Hapana. Ile ya "mara mbili" itoe sasa hivi, hiyo haisubiri jibu lake.

Kijana wa Kurasa: Nimeitoa. Nimebakiza sekunde 9 na 3, bila jina la duka.