Kofia ya taa ya mezani: koni ya kitambaa au pipa la ukili?

Mwambao_TG: Habari za jioni wakuu. Niko Ngamiani, Tanga. Meza ni sm 120 kwa 60, wanafunzi wawili wanasomea huku na huku, taa iko katikati. Nina kofia mbili za kuchagua, zote kimo sm 25. Moja ni pipa la ukili, upana sm 30 juu na chini. Nyingine ni koni ya kitambaa cheupe, chini sm 36, juu sm 20. Ipi itafikisha mwanga hadi pembeni?

Kijana wa Chumbageni: Pipa, mkuu. Juu ni pana, kwa hiyo linatoa mwanga mwingi kuliko koni. Ukiona hafifu, weka balbu ya wati nyingi zaidi.

Fundi Waya: Kaka, ni kweli pipa linatoa mwanga mwingi, ila ule wa ziada unapanda darini. Mezani kinachohesabika ni ukingo wa chini, na balbu imekaa juu yake kwa kiasi gani. Mwambao, washa taa, pima toka mezani hadi katikati ya balbu, kisha hadi ukingo wa kofia.

Mwambao_TG: Balbu sm 45. Ukingo sm 33, kofia zote mbili.

Fundi Waya: Basi balbu iko sm 12 juu ya ukingo. Chukua nusu ya upana wa chini, zidisha kwa 45, gawa kwa 12. Koni: 18 mara 45 gawa 12, unapata 67.5. Pipa: 15 mara 45 gawa 12, unapata kama 56. Huo ndio umbali ambao mwanga wa moja kwa moja unafika kutoka kwenye shina la taa. Toka katikati ya meza yako hadi pembe ni kama sm 67, kwa hiyo koni inazigusa pembe na pipa linaziacha gizani. Kuongeza wati kutang'arisha duara lilelile, hakutalipanua. Tena ukuta wa koni umeinama kuelekea chini, kwa hiyo weupe wake wa ndani unarudisha mwanga mezani.

Bi Ukindu: Mimi ya kwangu ni ya kando ya kitanda na pipa la ukili linanitosha kabisa, linapendeza ukutani.

Fundi Waya: Kwa kitanda sawa dada, pale unataka mwanga mpole. Kwenye daftari ukili una shida nyingine: balbu ya kioo kitupu inapenya kwenye matundu na kuchora mistari ya vivuli juu ya karatasi. Balbu nyeupe ya maziwa inaipunguza mistari hiyo. Ukishona bitana ya popelini nyeupe ndani, mistari inaisha.

Bi Ukindu: Bitana inaua mwanga wa ukili wenyewe. Afadhali abadilishe balbu tu.

Fundi Waya: Hapo hatutakubaliana. Unachopoteza ukutani unakipata mezani.

Sahare_2: Kwa nini asiteremshe balbu tu? Ikibaki sm 8 juu ya ukingo, hata pipa litafika mbali.

Fundi Waya: Litafika, sm 77 hivi. Ila mtoto anapoinamia daftari macho yake yanashuka chini ya ukingo, na kadiri balbu inavyoukaribia ukingo ndivyo anavyoiona kirahisi. Kaa kwenye kiti chake, inama kama anavyoandika. Ukiiona balbu yenyewe, ipandishe.

Angalia pia aina ya balbu. LED nyingi zina shingo pana ya plastiki isiyopitisha mwanga. Ikisimama wima kwenye holda, shingo inakinga upande wa chini, na mezani panakuwa na kivuli kuzunguka shina. Hesabu yangu haioni kivuli hicho. LED ya kioo yenye nyuzi ndani inamwaga mwanga hadi chini.

Mwambao_TG: Nachukua koni basi. Kitambaa nitajuaje kinafaa?

Fundi Waya: Weka tochi ya simu nyuma yake, mbali kama sm 10. Ukiona nukta kali ya tochi, ni chepesi mno, kitaumiza macho. Ukiona doa pana lililofifia pembeni, kinafaa. Usipoona kitu, mwanga utatoka juu na chini tu.

Sahare_2: Na waya wa fremu uwe umepakwa rangi hadi kwenye viungo. Kwa unyevu wetu wa bahari, kutu huanzia pale ilipochomelewa, kisha mstari wa kahawia unajitokeza kwenye kitambaa.

Fundi Waya: Kabla hujalipa, pima tundu la pete. Holda ya pini inataka kama mm 29, ya kuskurubu kama mm 40. Ya kwako ni ipi?