Nimekatwa alama 6 kwa kuongeza kipande kimoja tu, hii ni haki kweli?

Wakuu niko Mwanza, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Tulipewa zoezi la kutafuta polinomia inayopita kwenye vipimo vya kina cha maji ziwani, tukachukua mtumbwi pale mwaloni Kirumba tukashusha kamba yenye jiwe. Umbali ni kwa mamia ya mita, kina kwa mita: 0 kina 1, 1 kina 3, 3 kina 13. Nikatengeneza jedwali la Newton: (3-1)/1 ni 2, (13-3)/2 ni 5, halafu (5-2)/(3-0) ni 1. Nikapata

```
P(x) = 1 + 2x + x(x-1)
```

Baadaye tukaambiwa tuongeze nukta ya nne, 4 kina 15. Nimeongeza mshazari mmoja tu chini ya jedwali: 2, kisha -1, kisha -0.5. Nikabandika `-0.5x(x-1)(x-3)` nikamaliza. Msahihishaji kapiga mkasi mwekundu kaandika "anza upya, polinomia yote inabadilika". Inabadilikaje wakati nukta 3 za zamani hazijaguswa??

mvuvi_wa_namba: Uko sahihi ila na msahihishaji kuna kitu kakiona. Ukifungua mabano, mwanzo ilikuwa x²+x+1, sasa ni -0.5x³+3x²-0.5x+1, kwa hiyo kweli karibu kila namba imehama. Lakini wewe hukuandika hivyo, na 1, 2, 1 zako zimebaki palepale. Hicho kipande kipya ukiweka x=0, 1 au 3 kinakuwa sifuri, ndo maana hakiwezi kuharibu kitu huko nyuma. Kazi yake ni moja, kuziba pengo kwenye 4: ya zamani ilisema 21, kipimo 15, pungufu 6, gawanya kwa 4×3×1=12, hiyo ndo -0.5 yako.

kaka_Nyegezi: Sahihi ila tu kwa kuwa 4 iko mwisho, ingekuwa 2 ungeanza upya, lazima zipangane.

mvuvi_wa_namba: Hapana kaka, hata 2 unaiandika chini kabisa ya jedwali, Newton hajali mpangilio. Asichotaka ni umbali mmoja kurudiwa.

mama_dagaa: Ndo yaliyonikuta, tulipima sehemu moja mara mbili, mawimbi yakatupa vina tofauti, kikokotoo kikagoma sababu chini ni sifuri. Sasa nichukue wastani au nifute kimoja?

kaka_Nyegezi: Mwenye mada, jaribu na x=6 kwenye hiyo polinomia yako ya nukta nne.

Nimejaribu, inatoa -2. Maji mita hasi mbili. Sawa, nje ya 0 mpaka 4 siiamini, ila swali halikuuliza 6! Jumatatu naingia ofisini kwake na ile 21, 6 na 12, nataka anioneshe kwa kalamu nilipokosea.