Matokeo ya ligi ya wilaya: tuyaweke mechi ikiendelea, au tusubiri ripoti ya refa?

Katibu wa Ratiba, Tanga
Wadau, ligi yetu ya wilaya ina timu 12, nyumbani na ugenini. Ratiba na matokeo tunayatoa kwenye shiti moja ya Google inayojazwa na vijana wa kujitolea, mmoja kila uwanja. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka goli likiingia watu walione hapo hapo. Wengine wanasema kisitangazwe kitu mpaka ripoti ya mwamuzi ifike. Nyie mnaonaje?

Refa Mstaafu
Mimi niko na wa ripoti. Sheria ya 5 iko wazi: mwamuzi ndiye mwenye kauli ya mwisho, kama goli ni goli na kama mechi imeisha ngapi ngapi. Kijana aliyesimama nyuma ya goli moja haoni bendera ya msaidizi kule upande wa pili. Anaandika goli, kumbe refa amelikataa, msimamo umeshabadilika na vijiweni watu wameshaanza kushikana mashati. Kwa hiyo matokeo ya watu wa kujitolea ni kinyume cha sheria, basi.

Mjaza Shiti
Shikamoo mzee. Sheria ya 5 umeisema sawasawa, ila haimzuii mtu kutangaza anachokiona uwanjani. Ingekuwa inamzuia, redio zingenyamaza kila Jumamosi. Shida naiona pale uliposema "msimamo umeshabadilika". Matokeo ya mechi inayochezwa na msimamo wa ligi ni vitu viwili, na shiti nyingi za ligi zetu zimevifunga kamba moja.

Katibu, weka safu moja zaidi iitwe *hali*, yenye maneno manne tu ya kuchagua: haijaanza, inachezwa, imekwisha, imethibitishwa. Kijana wa uwanjani anagusa matatu ya kwanza. La nne ni lako wewe au kamisaa wa mechi, baada ya kushika ripoti. Mashabiki wanaona magoli yakiingia, lakini msimamo unasoma mechi zilizothibitishwa peke yake.

Na hata bila ugomvi wa refa, msimamo unaosoma kila mstari utawadanganya. Nilikuta shiti ya ligi fulani ambayo fomula yake ilikuwa inauliza: nyumbani akizidi mpe 3, wakilingana mpe 1. Mechi ambayo haijachezwa ina visanduku viwili vitupu, na tupu kwa tupu ni sawa, kwa hiyo fomula ikawa inahesabu sare. Angalieni kilichotokea. Kwenye ligi ya timu 12 kila timu ina mechi 22. Timu ya stendi imecheza 7, ina pointi 14, na mechi 15 zilizobaki zinaipa pointi 15 za bure: 29. Timu ya sokoni ina viporo viwili, imecheza 5, ina pointi 13, na mechi 17 zilizobaki zinaipa 17: 30. Sokoni anaongoza ligi kwa mechi ambazo hajazicheza! Ubaya wake ni kwamba kabla ya viporo hakuna aliyeshtuka kuhusu nani yuko juu ya nani, maana wote walikuwa wamepewa bure kiasi kilekile. Kilichotakiwa kuwashtua ni timu ya mkiani yenye pointi 17 kwa mechi 7.

Pointi za mwenyeji, kama magoli yako D na E, na hali iko F:

```
=IF(OR($F2<>"imethibitishwa",COUNT(D2:E2)<2),"",IF(D2>E2,3,IF(D2=E2,1,0)))
```

Hiyo COUNT inadai visanduku vyote viwili viwe na namba. Mtu akiandika herufi O badala ya sifuri, mstari unabaki mtupu badala ya kugawa pointi za ajabu. Shiti ikikataa alama ya mkato, weka nukta mkato. Inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya shiti.

Mwana Tanga, Maskati
Sisi tulio mbali mnatusahau. Mimi timu ya mtaani kwetu naifuatilia kwenye hiyo shiti, na mkisema tusubiri ripoti mpaka Jumatatu, bora mnambie nisiangalie. Halafu nina langu: mbona muda wa magoli unasoma mbele saa moja? Wiki iliyopita goli limeingia saa 11 na nusu, nyumbani wananiambia mpira wala haujafika huko.

Mjaza Shiti
Kaka, nahisi shiti hiyo ilianzishwa na mtu aliye huko huko kwenu. Maskati iko saa moja mbele ya Tanga, na kila shiti inabeba saa za eneo lake. Katibu afungue `File > Settings` aweke saa za Afrika Mashariki, GMT+3.

Dada wa Fomu
Ukishataja saa, kuna kosa la Waswahili wenyewe. Kijana anaandika mechi ni 10:00, akimaanisha saa kumi jioni. Shiti inaelewa saa nne asubuhi. Timu ngeni inayosoma ratiba kwenye simu inafika asubuhi na basi la kukodi, inakuta uwanja una mbuzi. Sisi kisanduku cha saa tumekifanya cha kuchagua: "saa 8 mchana", "saa 10 jioni", basi. Hakuna kuandika kwa mkono.

Na matokeo msiandike kwenye kisanduku kimoja. Ukiandika 2-1 shiti inaigeuza tarehe. 3-0 inaiacha, kwa sababu hakuna tarehe sifuri. Kwa hiyo nusu ya matokeo yako salama na nusu yamekuwa siku za mwezi, na unadhani ni vijana wanaochezea. Magoli ya nyumbani kisanduku chake, ya ugenini chake, halafu `Data validation` ikubali namba nzima tu kuanzia 0.

Ila katika swali la katibu, hata hiyo safu ya hali haitoshi kama vijana wanagusa shiti yenyewe. Wapeni fomu. Kila goli ni ujumbe mmoja unaoingia kama mstari mpya, na hakuna anachoweza kufuta. Shiti ya wazi kwa kila mwenye linki, siku moja mtu atapanga safu moja kwa alfabeti akaacha nyingine, na magoli yote yatahamia timu zisizo zao.

Winga wa Zamani
Fomu mimi siiungi mkono. Nilikuwa najaza ligi ya vijana. Uko uwanjani, mvua, simu ina asilimia 9, uchague uwanja, uchague timu, uchague mfungaji, ubonyeze tuma. Umemaliza, lingine limeshaingia. Kwenye shiti unagusa kisanduku, unaandika 2, umemaliza. Mkiogopa kuharibiwa, fungeni visanduku vingine vyote kwa `Protect sheets and ranges`, muwaachie magoli na hali. Mtu akivuruga, `Version history` inarudisha.

Dada wa Fomu
Inarudisha shiti nzima, kaka. Ukirudi saa 10 na robo, unafuta na magoli ya viwanja vingine vitano yaliyoingia baada ya hapo. Na bando likikata? Programu ya simu ikiwa imeruhusiwa kufanya kazi bila mtandao, alichoandika kijana wakati wa mapumziko kinapanda akifika nyumbani. Mechi imeisha 3-1, shiti inasema 1-1, na aliyeandika hakukosea kitu.

Winga wa Zamani
Hilo la bando nimelielewa. Lakini fomu nayo bila mtandao haitumi kabisa.

Mjaza Shiti
Wote wawili mna haki. Mimi ningechukua fomu fupi, maswali matatu: mechi, magoli nyumbani, magoli ugenini. Mfungaji ataandikwa usiku kutoka kwenye ripoti. Kijana atume matokeo yalivyo, asitume "goli limeingia", maana ujumbe mmoja ukipotea unaofuata unasahihisha wenyewe. Na goli likikataliwa anatuma tena 1-0 badala ya 2-0. Mzee Refa, hapo hofu yako imepungua kidogo.

Ila msiwaahidi watu "papo hapo". Shiti iliyotolewa kwa `Publish to web` inachelewa dakika kadhaa, mara nyingi kama 5. Andikeni juu kabisa: matokeo yanachelewa, si rasmi mpaka yathibitishwe.

Msema Kweli
Dakika 5 hizo ndizo zenye maana kwa wabeti. Nyie mnafikiri mnawahudumia mashabiki. Siku kampuni ya kubeti ikiweka ligi yenu kwenye orodha, yule kijana anayejaza bila kulipwa hata nauli ndiye atakayetafutwa. Aliye uwanjani anajua goli kabla ya dunia. Mnampa mtoto wa miaka 19 kitu cha kuuzwa, halafu mshangae akikiuza. Mimi nasema matokeo yatoke filimbi ya mwisho, si kabla.

Refa Mstaafu
Hapo sasa umesema. Marefa wenyewe wanalipwa kidogo na wanafuatwa.

Mjaza Shiti
Hoja yako ina uzito, sina jibu kamili. Lakini kuficha matokeo hadi filimbi ya mwisho kunamzidishia thamani yule aliye uwanjani na simu. Kikijulikana na wote, hakina wa kukinunua. Hizo dakika 5 ndizo zinabaki, nakubali.

Msema Kweli
Zinabaki, na zinatosha.

Katibu wa Ratiba
Asanteni. Kamati inakutana Alhamisi, nitapeleka fomu fupi na safu ya hali. La kubeti nitalipeleka kama lilivyo. Kuna mechi iliisha 1-1 halafu kamati ikampa mgeni pointi 3 na magoli 3 ya mezani, mwenyeji alichezesha mtu asiye na leseni. Nifute 1-1?

Dada wa Fomu
Usifute. Aliyefunga uwanjani alifunga. Ongeza safu mbili za magoli ya msimamo: kwa kawaida zinanakili ya uwanjani, kwa mechi hiyo unaandika 0 na 3, na maelezo pembeni. Fomula ya pointi isome hizo. Orodha ya wafungaji isome za uwanjani, kama kanuni zenu haziyafuti magoli ya mechi kama hiyo.

Winga wa Zamani
Na iliyovunjika? Jumapili kwetu giza liliingia dakika ya 78, wageni wanaongoza 2-1. Kijana ameacha "inachezwa" mpaka leo.

Refa Mstaafu
Iliyovunjika inarudiwa, isipokuwa kanuni za ligi au waandaaji waamue vinginevyo. Sheria ya 7.

Katibu wa Ratiba
Kanuni zetu hazisemi kitu.

Mjaza Shiti
Basi unahitaji neno la tano kwenye hali: *imevunjika*. Visanduku vibaki na 2-1, pointi zisihesabiwe, na kamati iandike kanuni hiyo kabla wageni hawajaanza kuhesabu pointi zao.