Naomba ushauri: kumsalimu bodaboda wa Kampala kabla ya bei

Wakuu, habari zenu. Kwenye taksi ya abiria 14 nauli hukusanywa na konda, kwa hiyo salamu kwa dereva haipunguzi kitu. Linalosaidia ni kusema kwa Kiganda "maaso awo", yaani hapo mbele, mapema ili akushushe. Boda ni tofauti, maana bei hupatanwa kabla ya kupanda. Asubuhi ukianza na "Wasuze otya ssebo", ukangoja ajibu, ndipo utaje unakokwenda, mazungumzo huanza kwa utulivu. Ukirukia "Ntinda ngapi?" kwa Kiswahili, anajua u mgeni, na bei hupanda.

Swali: Kiganda kikiishia kwenye salamu, niendelee kwa Kiswahili au Kiingereza? Na "mpola mpola ssebo", yaani polepole bwana, nimwambie kabla ya kuondoka, au akishaanza kukimbiza?