Mtoto wa miezi 16 anamkimbilia bibi yake, si mimi. Nahamia Dodoma, nimchukueje?

MamaMuheza

Habari za jioni wadau wa malezi. Mwanangu ana miezi 16. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilipoisha nilirudi kazini Tanga mjini, natoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku umeshaingia. Nyumbani Muheza yupo mama yangu mzazi, mdogo wangu wa kike wa miaka 20, na mtoto wa kaka yangu wa miaka 11 anayembeba akitoka shule. Tangu alipofikisha miezi sita mtoto analala na bibi yake. Kwangu ananyonya jioni na siku za mapumziko.

Juzi alijikwaa akapasuka mdomo. Mimi nilikuwa karibu zaidi, lakini alinipita akaenda kwa bibi. Sasa nimehamishiwa Dodoma, natakiwa kuripoti baada ya wiki tano. Nina likizo ya mwaka ya siku 28 sijaigusa. Mpango ulikuwa kumchukua mtoto na dada wa kazi mpya, mama abaki. Ndugu wanashauri tumbebe usiku akiwa amelala ili asilie. Je, nimeshampoteza? Na nimhamisheje?

Kilimanjaro_Mkongwe

Dada, mtoto mdogo ana mama mmoja. Mkilea watu wanne anachanganyikiwa, hajui wa kumtegemea. Mchukue mara moja, bibi asionekane mwezi mzima, hata simu usipige. Atalia wiki moja kisha atatulia. Halafu huyo dada wa kazi usimbadilishe-badilishe, hapo ndipo watoto wanapoharibika.

MleziWaChekechea

Mkongwe, la dada wa kazi umelisema vizuri, nitalirudia. La mtoto kuchanganyikiwa silikubali.

Mary Ainsworth, mmoja wa walioanzisha utafiti wa uhusiano wa mtoto na walezi wake, aliuanzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akitembelea nyumba za Waganda na kuwatazama watoto wachanga 28. Wengi walishikwa na mikono mingi: bibi, shangazi, dada wakubwa. Alipolinganisha, wingi wa walezi haukutenganisha watoto waliotulia na wenye wasiwasi. Kilichotenganisha, pamoja na mambo mengine, ni kiasi cha malezi ambacho mama mwenyewe alimpa mtoto. Kwa hiyo bibi hakukuondolea kitu kwa kuwepo. Saa zako za barabarani ndizo zilizopunguza fungu lako, na saa zinaweza kurudishwa.

Mtoto hujenga uhusiano na kila mlezi peke yake, kutokana na yale mlezi huyo anayomfanyia. Ana safu ya watu wake, na akiumia humwendea aliye juu kwenye safu. Mdomo uliopasuka umekuonyesha aliye juu. Haukuonyesha kwamba wewe humo huna nafasi.

Nijibu mawili. Bibi akiwa hayupo kabisa, mtoto akilia, ananyamaza mikononi mwako? Na jirani akitaka kumbeba wakati huo, anakwenda au anakung'ang'ania?

BinSeif_Muscat

Poleni na majukumu. Mimi niko Oman, wanangu wa miaka 7 na 9 wako kwa bibi yao Pemba. Tunaongea kwa video kila Ijumaa, wananifahamu vizuri na wanasoma. Mwache kwa bibi dada yangu, utume matumizi. Bibi hana baya.

MamaMuheza

Ahsante kaka BinSeif, lakini wa kwako ni wakubwa.

Mlezi: Jumamosi mama akienda shamba mtoto hanibanduki. Jirani akinyoosha mikono anajificha shingoni mwangu. Akilia ananyamaza baada ya dakika chache. Akiwa na homa, hata hivyo, ni bibi tu.

MleziWaChekechea

Basi wewe ni mtu wake pia. Anayekung'ang'ania mgeni akija amekuchagua kuwa kimbilio, ila wa pili.

BinSeif, mtoto wa miaka 7 anaweza kumbeba baba kichwani kwa wiki nzima, akajua Ijumaa iko njiani. Wa miezi 16 hajafika huko. Kwake mtu asiyeonekana, asiyenusika na asiyembeba anapotea polepole. Simu inasaidia kukumbusha sura na sauti, haitoshi kujenga.

Sasa kumbeba akiwa amelala. Ataamka mahali asipopajua, bibi hayupo, binamu hayupo, na mikono ya asubuhi ni ya msichana ambaye hajawahi kumwona. Kilio cha siku za kwanza ni afya, anaita watu wake. Kinachonitisha ni kinachofuata asipoitikiwa: anapunguza kula, anacheza kwa uvivu, hatimaye ananyamaza na kukubali kubebwa na yeyote. Hapo ndipo watu husema “ameshazoea”. Mara nyingi amekata tamaa ya kuita, ndiyo maana wiki moja ya Mkongwe inaonekana kufanikiwa. Tena mtoto aliyewahi kulala na kuamka akakuta mtu ametoweka huanza kuulinda usingizi. Mnashangaa kwa nini anakesha.

Kemunto_K

Niongeze kutoka Kenya. Kwa Wagusii mtoto mchanga alikuwa na omoreri, msichana mdogo wa kumbeba mama akiwa shambani. Kermoian na Leiderman waliwapima watoto 26 huko, wakachapisha mwaka 1986. Walitazama uhusiano na mama, kisha uhusiano na mlezi huyo, kila mmoja peke yake. Wengi walikuwa wametulia na mama, na zaidi ya nusu wametulia na mlezi. Aliyetulia na mama alikuwa na lishe nzuri zaidi, kwa sababu kazi ya mama ilikuwa kulisha. Aliyetulia na mlezi alifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili, kwa sababu kazi ya mlezi ilikuwa kucheza na kuzungumza naye.

Mama Muheza, huyo binamu wa miaka 11 usimhesabu kama mbebaji tu. Ukiondoka unaondoa mchezo wote wa mchana. Dodoma nani atacheza naye?

MamaMuheza

Sikuwahi kumfikiria binamu. Sasa nianzie wapi?

MleziWaChekechea

Anzia usiku. Zamani kwenye kibuzi, vijiji vya ujima vya Israeli, watoto walilala nyumba ya pamoja, wakiangaliwa na walinzi wa zamu waliobadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta karibu nusu yao tu ndio waliokuwa na uhusiano uliotulia na mama, wakati wenzao wa kibuzi nyingine waliolala kwa wazazi walikuwa 8 kati ya 10. Mchana wote walilelewa na wengi. Tofauti ilikuwa nani anakuja mtoto akistuka gizani.

Likizo yako igawe katikati. Siku 14 za kwanza kaa Muheza, na siku tatu za mwanzo usibadilishe chochote, uwepo tu. Kisha chukua kuogesha jioni na kulaza, bibi akiwa chumba hichohicho. Akiamka usiku uinuke wewe kwanza, bibi aitike kwa sauti tu. Usiku mbili tatu zitakuwa ngumu, na atakusukuma. Usimpokonye akimlilia bibi. Bibi ambembeleze kidogo, amrudishe kwako yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mtoto akiona mtu wake anakuamini, anakuamini haraka zaidi.

Wiki ya pili bibi aanze kutoka: saa moja, kisha nusu siku, kisha alale kwa ndugu usiku mmoja. Kila mara aage kwa neno lilelile, na akirudi amwendee mtoto kwanza. Asitoroke hata kama mtoto analia. Kutoroka kunamfundisha kwamba watu hutoweka bila dalili, ndipo anaanza kumganda kila mtu.

Siku 14 zilizobaki ni za Dodoma, na bibi asafiri nanyi. Siku ya kurudi aondoke asubuhi mtoto akiwa macho, ameshakula, aage kama alivyozoea. Aache khanga yake aliyoivaa bila kuifua. Wewe uwe bado una siku tano au sita za likizo, ili mtu wake wa kwanza na wa pili wasiondoke wiki ileile.

Kipindi hicho usimwachishe ziwa wala usimhamishie kitanda cha peke yake. Titi la jioni ndilo ulilolishika muda wote bila kukatika, lishikilie.

Kilimanjaro_Mkongwe

Maelezo nimeyaelewa, lakini bado naona lazima awepo mmoja wa juu. Hata wewe unasema safu.

Kemunto_K

Hapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, mtoto mchanga hupitishwa mikono mingi kwa siku, hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, lakini akikaribia mwaka mmoja huanza kumpendelea mama kuliko wengine. Mmoja anaweza kuliona kama ushahidi wa safu, mwingine akaona mtandao. Na vipimo vingi vilitengenezwa kwa mtoto asiyezoea wageni. Wa kwetu aliyelelewa ua wenye watu kumi anaweza kumtazama mgeni kwa utulivu, mpimaji akadhani hajali.

MleziWaChekechea

Nakubali. Ila tofautisha utulivu na kutojali. Mtulivu akiumia bado anamtafuta mtu wake.

MamaMuheza

Tatizo jipya: mama ana kuku 200 wa mayai na baba ana sukari, hawezi kukaa Dodoma zaidi ya siku tano. Mdogo wangu yuko huru mpaka Septemba.

MleziWaChekechea

Basi mdogo wako awe ndiye mkono wa mchana badala ya dada mpya. Mtoto anamjua sauti na mgongo. Bibi aje siku hizo tano, mdogo wako abaki miezi mitatu au zaidi, na binamu aje likizo ya shule. Dada wa kazi aanze mdogo wako akiwa bado yupo, wiki mbili za kupika na kucheza tu. Kubeba, kulisha na kulaza vifuate mtoto mwenyewe akimletea kitu au akimnyooshea mikono. Umwajiri yule unayetaka kudumu naye, maana kila anapobadilika mtoto anaanza upya.

Chukua kadi ya kliniki, umpime kabla ya kuondoka na tena baada ya wiki nne. Uzito ukishuka, au akipita wiki mbili bila kucheza, bila kulia na bila kumchagua mtu yeyote, usisubiri, mpeleke kituo cha afya. Kilio cha magharibi wiki za mwanzo kitakuwepo. Mbebe, mtaje bibi kwa jina analomwitia. Akilia baada ya simu ya bibi usikate simu za kesho, anamkumbuka tu.

MamaMuheza

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu amekubali. Vipindi vyake vya usingizi ni viwili, mchana anabebwa mgongoni na bibi. Hilo mdogo wangu alichukue kuanzia lini?

MleziWaChekechea

Kuanzia kesho. Mbeleko ileile, na bibi akae karibu aonekane.